Khamis, Hamisi na Hamis: kompyuta ya benki inavyopima majina yanayofanana

Mtu mmoja anaweza kuwa Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa alichopewa Unguja, Hamisi kwenye leseni ya udereva aliyoichukua Dar es Salaam, na Hamis kwenye usajili wa laini ya simu. Wanaomfahamu hawaoni tofauti yoyote. Kompyuta ya benki inaiona, na kila mteja anapofungua akaunti au kutuma fedha nje ya nchi, ndiyo inayoulizwa kwanza: je, jina hili limo kwenye orodha ya watu na makampuni waliowekewa vikwazo?

Orodha hizo ni nyingi. Iko ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambayo sehemu yake kubwa ilianza na Azimio namba 1267 la mwaka 1999, na iko ya Hazina ya Marekani, inayosimamiwa na ofisi iitwayo OFAC. Umoja wa Ulaya na Uingereza nao wana zao. Benki ya Mombasa au Mwanza haiwezi kusema orodha ya Marekani haiihusu, kwa sababu malipo ya dola hupitia benki za New York, na huko sheria haikuulizi ulikusudia au hukukusudia. Fedha zikimfikia mtu aliye kwenye orodha, kosa limeshatendeka.

Kwa hiyo kila benki ina kitengo cha uzingatiaji, na kitengo hicho kina mfumo unaolinganisha majina. Kulinganisha herufi kwa herufi hakufai. Mwaka 2019 kampuni ya Apple ilikubali kulipa dola 466,912 kumaliza shauri na OFAC kwa sababu ya jina moja. Kampuni ya Slovenia iliyouza programu za simu kupitia Apple ilikuwa kwenye orodha kwa jina la SIS d.o.o. Katika kumbukumbu za Apple iliandikwa SIS DOO, kwa herufi kubwa na bila nukta, na mfumo haukuyaona kuwa ni jina moja. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Amazon, iliyolipa dola 134,523 kwa makosa kadhaa, mojawapo likiwa kwamba mfumo wake ulijua kuzuia oda za Crimea lakini anwani iliyoandikwa Krimea ikapita.

Dawa ya kawaida ni kuiambia kompyuta ikubali majina yanayokaribiana. Swali ni namna ya kupima huo ukaribu, na mtu akubali ukaribu wa kiasi gani.

Kipimo kinachojulikana zaidi kinaitwa umbali wa Levenshtein, kwa jina la mwanahisabati wa Kirusi, Vladimir Levenshtein, aliyekieleza mwaka 1965. Unahesabu marekebisho machache kabisa yanayohitajika kuligeuza jina moja kuwa jingine. Marekebisho ni ya aina tatu: kuongeza herufi, kufuta herufi, au kubadili herufi moja kwa nyingine. Kila moja linagharimu 1. Mwaka mmoja kabla yake, Frederick Damerau wa IBM alikuwa ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya makosa ya tahajia ni la herufi moja tu: imeongezwa, imesahauliwa, imebadilishwa, au imepishana na jirani yake. Wengi huongeza hilo la kupishana kama rekebisho la nne.

Kompyuta haibahatishi. Inachora jedwali, jina moja likishuka pembeni na jingine likienda juu, kisha inajaza kila chumba kwa kuchukua kidogo kuliko vyote kati ya njia tatu: chumba cha juu ongeza 1, chumba cha kushoto ongeza 1, au chumba cha mshazari, ambacho hakiongezewi kitu kama herufi zinafanana na huongezewa 1 kama zinatofautiana. Haya ni majina ALI na ALLY:

```
      A  L  L  Y
   0  1  2  3  4
A  1  0  1  2  3
L  2  1  0  1  2
I  3  2  1  1  2
```

Jibu liko pembe ya chini kulia: 2. Ongeza L moja, badili I kuwa Y. Lakini 2 peke yake haisemi mengi, kwani makosa mawili katika jina la herufi ishirini ni kidogo na katika jina la herufi nne ni nusu nzima. Ndiyo maana mifumo mingi hugawanya umbali kwa urefu wa jina lililo refu zaidi, kisha ikatoa jibu kwenye 1. Kwa ALI na ALLY ni 1 toa 2/4, yaani asilimia 50. Benki huweka kizingiti, tuseme asilimia 80. Jozi iliyofika hapo hutoa tahadhari na mtu huiangalia. Isiyofika hupita kimya.

Na hapo ndipo kazi inapoharibika kwa majina ya kwetu. ALI na ALLY, jina ambalo Mtanzania huliandika vyovyote apendavyo karani, limepata asilimia 50. Chukua sasa KHAMIS na HAMISI. Futa K, ongeza I: umbali ni 2 kati ya herufi 6, asilimia 67. Halafu chukua OUMA wa Kijaluo na JUMA. Majina haya hayana undugu wowote, lakini yanatofautiana kwa herufi moja kati ya nne, asilimia 75. SALIMU na SALIMA, mwanamume na mwanamke, asilimia 83. RASHIDI na RASHIDA, 86.

Hesabu haijakosea popote. Kilichokosewa ni dhana iliyo chini yake, kwamba kila herufi ina uzito sawa. Levenshtein alikuwa akishughulikia misimbo inayopotea herufi njiani, na kwa kazi hiyo herufi yoyote inaweza kuharibika. Jina la mtu haliharibiki hivyo. Karani wa Tanga haandiki Hamisi mahali pa Khamis kwa kuteleza kidole; ameandika alivyosikia na alivyofundishwa. Jina la Kiarabu liliingia pwani kwa maandishi yasiyoonyesha irabu fupi, kisha kila utawala ukaliandika kwa mkono wake. Waliopita chini ya Waingereza wakaandika Yusuf au Yusufu. Wakomoro, waliopita chini ya Wafaransa, wakaandika Youssouf. Mashariki mwa Kongo na Burundi utamkuta Ramazani ambaye Tanzania angeitwa Ramadhani. Wasomali walipoanza kutumia rasmi herufi za Kilatini mwaka 1972, walichukua x kwa sauti ambayo wengine huiandika h na c kwa ile inayoanza jina la Ali, ndiyo maana Mohamed huwa Maxamed na Ali huwa Cali. Tofauti hizi zina utaratibu, na kipimo kinachohesabu herufi hakiujui utaratibu huo.

Inazidi kuwa mbaya ukipima jina kamili. Tuchukue majina ya kutunga. Kwenye orodha yuko KHAMIS ALLY YUSUF. Mteja anakuja benki akiwa HAMISI ALI YUSUFU. Marekebisho ni mawili kwenye jina lake, mawili kwenye la baba, moja kwenye la babu, jumla 5 kati ya herufi 15: asilimia 67. Ni mtu yuleyule, jina lilelile, naye anapita mlangoni bila kuulizwa.

Chukua sasa orodha yenye SALIMU RASHIDI ALI, na wateja wawili, HAMISI RASHIDI ALI na SALIMA RASHIDI ALI. Hamisi na Salimu wanatofautiana kwa herufi nne kati ya kumi na sita za jina zima: asilimia 75. Salima anatofautiana na Salimu kwa herufi moja: asilimia 94. Huyu Hamisi huenda ni kaka yake Salimu na Salima ni dada yao, kwa kuwa kwetu mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, na ndugu wa tumbo moja wanashiriki majina mawili kati ya matatu. Kipimo kimemweka kaka juu ya mtu mwenyewe, na dada juu ya wote wawili. Ukishusha kizingiti hadi 65 umpate Khamis, umewabeba Salima, Hamisi na nusu ya ukoo. Ukikipandisha hadi 90 upunguze usumbufu, aliyebaki anayeshikwa ni Salima, asiye na hatia.

Hakuna namba ya kizingiti inayotibu hilo. Nalisema kwa mkazo kwa sababu katika mabenki mengi mjadala wote huwa juu ya namba hiyo: mkaguzi anataka ishuke, meneja wa tawi anataka ipande, na hatimaye wanakubaliana katikati, mahali ambapo hapakupimwa na yeyote.

Inafaa kuona pande zote mbili za mizani zinapima nini. Tuseme benki ina wateja milioni moja, na kwa kizingiti cha 85 wateja watano kati ya kila elfu hutoa tahadhari. Hizo ni tahadhari 5,000. Shusha hadi 75, na tuseme wanakuwa arobaini kati ya kila elfu: tahadhari 40,000. Kila moja ikichukua dakika tano, ni dakika 200,000, au saa zaidi ya 3,300. Kwa mtu anayefanya kazi saa saba kwa siku, ni siku za kazi 476, yaani watu wawili mwaka mzima. Na kati ya hizo 40,000, walio kwenye orodha kweli wanaweza kuwa mmoja, au wasiwepo kabisa, kwa sababu watu wa namna hiyo ni wachache mno kulingana na wateja wote. Namba hizi nimezitoa kwa mfano, lakini umbo lake halibadiliki: kitu kikiwa adimu sana, hata kipimo kizuri hutoa tahadhari za bure nyingi kuliko za kweli.

Gharama si mishahara tu. Ofisa aliyefunga tahadhari mia tatu za bure tangu asubuhi ataifunga ya mia tatu na moja bila kuisoma, na huenda hiyo ndiyo yenyewe. Tahadhari za bure zikizidi, huzaa kupenya. Watu wa kazi hii wanalijua sana jambo hili, ila haliandikwi kwenye ripoti.

Anayelipa zaidi ni mteja. Mwaka 2011, katika jimbo la California, mtu mmoja alikwenda na mkewe kununua gari, na muuzaji akakataa kumuuzia kwa sababu taarifa ya mikopo iliyotolewa na kampuni ya TransUnion ilisema jina lake linalingana na majina ya orodha ya OFAC. Mfumo ulikuwa ukilinganisha jina la kwanza na la mwisho tu, bila kugusa tarehe ya kuzaliwa. Alishitaki kwa niaba ya watu 8,185 waliowekewa alama hiyohiyo, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2021. Majaji walisema wanaostahili fidia ni wale 1,853 tu ambao taarifa zao zilikuwa zimetumwa kwa wafanyabiashara. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo ingeondoa karibu usumbufu wote huo, ilikuwa ikijulikana.

Sasa tutazame jina la kweli. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alitafutwa kwa mashambulizi ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, akakamatwa Pakistan mwaka 2004 na kuhukumiwa kifungo cha maisha huko New York mwaka 2011. Alipowekwa kwenye orodha, aliandikiwa majina mengine mengi kando ya jina lake. Moja liliandikwa GHILANI, Ahmad Khalafan. Ukilipima dhidi ya AHMED KHALFAN GHAILANI, utakuta herufi moja katika kila neno: E na A, A moja iliyozidi, A moja iliyopungua. Jumla 3 kati ya 20, asilimia 85. Hapa kipimo kimefanya kazi yake vizuri, kwa sharti moja: majina yawe yamepangwa upya kwanza. Orodha huanza na jina la ukoo, fomu ya benki huanza na jina la mtu, na ukiyapima kama yalivyo umbali unakuwa mkubwa hata kwa jina lisilo na kosa hata moja. Kwa hiyo mfumo wa maana hukata jina maneno, kisha hutafutia kila neno mwenzake wa karibu upande wa pili, popote alipo.

Orodha hiyohiyo ilikuwa na jina Shariff Omar Mohammed. Hakuna hesabu ya herufi itakayokutoa kwenye Ghailani ikufikishe hapo. Jina la kubuni hunaswa kwa kuwa mpelelezi aliligundua na likaandikwa. Ilikuwa pia na lakabu, Fupi, kati ya alama za kunukuu. OFAC hutumia alama hizo kuonyesha lakabu dhaifu, ambazo haitarajii benki izitafute kwenye majina ya wateja. Zimewekwa zimsaidie ofisa kuamua pale tahadhari inapokuwa imeshatokea kwa sababu nyingine. Ni busara. Hebu fikiria kila Fupi wa Manzese akiitwa na meneja.

Jina la tatu ndilo gumu kuliko yote: Ahmed Khalfan. Ni majina mawili ya kawaida kabisa kuanzia Lamu hadi Kilwa, na Muscat pia. Kijana yeyote wa Mji Mkongwe mwenye majina hayo atalingana kwa asilimia 100. Huyo hata kizingiti cha juu kuliko vyote hakimwokoi.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kipimo na baada yake.

Kabla ya kipimo, jina linasawazishwa. Herufi zote zinafanywa kubwa, nukta na vistari vinaondolewa. Hilo peke yake lingeweza kumnasa SIS DOO. Kisha zinakuja kanuni za majina ya eneo husika. Kwa majina ya pwani mtu anaweza kuanza na hizi: KH iwe H, herufi zilizorudiwa zibaki moja, Y ya mwisho iwe I, DH iwe Z, na I au U inayofuata konsonanti mwishoni ifutwe ikiwa neno lina zaidi ya herufi nne. Khamis, Hamisi na Hamis wote wanakuwa HAMIS. Ally anakuwa ALI. Ramadhani na Ramazani wanakuwa RAMAZAN. Yule KHAMIS ALLY YUSUF aliyepita kwa asilimia 67 sasa analingana na HAMISI ALI YUSUFU kwa asilimia 100, na kizingiti hakikuguswa.

Kanuni hizi lazima ziandikwe na mtu anayeyajua majina, na zipimwe moja moja. Mtu akisoma kuhusu Youssouf anaweza kuongeza kanuni kwamba OU iwe U, jambo jema kwa Wakomoro. Kanuni hiyohiyo ikimkuta Ouma wa Kisumu itamfanya UMA, na ghafla amesogea karibu na Umar, kutoka asilimia 50 hadi 75. Pia ziko tofauti zisizofuata kanuni fupi. MUHAMMAD na MOHAMED, hata baada ya kupunguza M moja, bado yanatofautiana kwa irabu mbili. Ukiruhusu irabu zote zibadilike bure utawachanganya wengi mno. Kwa majina makubwa kama hilo njia iliyo safi ni kamusi ndogo inayosema Muhammad, Mohamed, Muhamadi, Mahamadou na Maxamed ni jina moja, basi. Majina ya namna hiyo si mengi, na yanabeba sehemu kubwa ya watu.

Wengine hukimbilia kipimo kingine. Soundex, iliyosajiliwa na Robert Russell huko Marekani mwaka 1918, hugeuza jina kuwa herufi yake ya kwanza na tarakimu tatu za sauti. Jaro-Winkler, kilichotokana na kazi ya idara ya sensa ya Marekani, huongeza alama kwa majina yanayoanza sawa, hadi herufi nne za mwanzo. OFAC wenyewe hutumia vyote viwili kwenye ukurasa wao wa kutafutia majina. Ni vipimo vizuri kwa majina ambayo mwanzo wake hauyumbi. Lakini Khamis kwa Soundex ni K520 na Hamisi ni H520. Crimea ni C650 na Krimea ni K650. Tarakimu zimelingana, herufi ya kwanza imeharibu yote, na Winkler hapati cha kuongeza. Ali na Cali yatawapata yaleyale. Levenshtein, pamoja na kasoro zake, angalau hajali kosa limetokea mwanzo au mwisho.

Hatua nyingine ni kukataa wastani wa jina zima. Tuliona Hamisi akipata 75 dhidi ya Salimu kwa sababu majina ya baba na babu, yaliyo sawasawa, yamelifunika lake. Ukidai kila neno lifikie kiwango chake peke yake, HAMIS dhidi ya SALIM hutoa asilimia 40 na jozi inaanguka. Usidai hata hivyo kwamba kila neno liwe na mwenzake. Kampuni ya Kiingereza ya Cobham iliingia matatani hivyo mwaka 2018: mfumo wake ulikuwa umewekwa utafute ukaribu, lakini pia ulidai maneno yote ya jina yapatikane. Walitafuta Almaz Antey Telecom, kwenye orodha kulikuwa na JSC Almaz-Antey, na mfumo ukajibu hakuna kitu. Kwa majina ya watu ni vilevile: mtu ameandika mawili kwenye fomu na orodha ina matatu au manne. Neno lililokosekana lisihesabiwe kama neno lililopingana.

Baada ya kipimo inakuja tarehe ya kuzaliwa, na hapa Tanzania ina bahati ambayo mabenki hayaitumii vya kutosha. Namba ya kitambulisho cha Taifa ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ahmed Khalfan aliyezaliwa mwaka 1998 anaweza kutofautishwa na Ghailani kabla hata ofisa hajafungua faili. Dada Salima, kama jinsia imeandikwa pande zote mbili, anatolewa vilevile. Ila tarehe nayo isiaminiwe kupita kiasi. Orodha mara nyingi huwa na mwaka tu, au tarehe kadhaa za mtu mmoja, kama alivyoandikiwa Ghailani mwenyewe, na wazee wengi wa kwetu wana tarehe zilizokadiriwa na karani. Kwa hiyo miaka ikipishana kwa kumi, jozi iondolewe. Ikipishana kwa miwili, ibaki iangaliwe. Na pale ambapo tarehe haipo upande mmoja, kutokuwepo kwake kusihesabiwe kuwa kulingana wala kupingana.

Inabaki kujua kama yote haya yanafanya kazi. Tahadhari za bure zinajihesabu zenyewe, zimejaa mezani. Waliopita hawaonekani, na hilo ndilo hupotosha mizani: kila shinikizo la kila siku linavuta upande wa kupunguza kelele. Njia ya kwanza ya kuwaona ni kuwatengeneza. Chukua majina mia tano ya orodha yenyewe, uyaharibu kwa makusudi jinsi yanavyoharibika kwetu, yaani ongeza I mwishoni, badili KH, geuza mpangilio, acha jina la kati, andika kwa Kifaransa au Kisomali, kisha uyapitishe kwenye mfumo kama wateja. Hesabu yaliyonaswa kwa kila aina ya uharibifu, si kwa jumla. Jumla ya asilimia 93 inaweza kuficha kwamba majina yaliyoandikwa Kisomali yote yamepita.

Njia ya pili ni kuchungulia chini ya kizingiti. Ikiwa umeweka 80, chukua sampuli ya jozi zilizopata kati ya 70 na 80, mpe mtu mwenye utulivu azisome zote. Akikuta hata moja ambayo ilipaswa kushikwa, usikimbilie kushusha namba; muulize ni nini kilichoishusha jozi hiyo. Mara nyingi utakuta ni kanuni moja ya tahajia iliyosahauliwa, na ukiiongeza jozi hiyo inapanda yenyewe juu ya 90 bila kuvuta wengine. Asipokuta kitu chochote, shuka hadi 60 na 70, ambako Khamis wa mwanzo alikuwa amejificha kwenye 67.

Mteja aliyeondolewa tahadhari asiitwe tena kesho kwa jambo lilelile. Mifumo mingi huweka daftari la waliosafishwa, na ni sawa, mradi kila jina liandikwe pamoja na sababu: tarehe ya kuzaliwa imepingana, jinsia imepingana, uraia umepingana. “Si yeye” peke yake haitoshi. Orodha hubadilika, wakati mwingine mara kadhaa kwa wiki, na aliyesafishwa mwezi Machi dhidi ya ingizo lenye mwaka wa kuzaliwa 1970 anapaswa kurudi mezani pale ingizo hilo linapoongezewa mwaka 1974. Daftari lisilo na sababu haliwezi kujua kwamba kuna kilichobadilika.